Barua ya binti wa uhasibu aliyeomba asifanyie UE ukumbini

Nimekuwa nikishughulika na mitihani kwenye kitivo chetu muda mrefu kiasi, na barua za wanafunzi napokea nyingi tu, za ada, za kubadilisha kozi, za kuahirisha mwaka, za "naomba nifikiriwe". Hii ninayotaka kuichambua leo ilikuwa ya binti wa mwaka wa pili, anasoma uhasibu, chuo cha serikali hapa Tanzania (chuo sitaji na baadhi ya vitu nimevibadilisha ili asijulikane). Aliomba apangiwe utaratibu tofauti wa UE, ule mtihani wa mwisho wa semista, kwa sababu ana wasiwasi uliopitiliza, ule wa kuitwa ugonjwa kabisa. Barua ya kwanza ilikwama. Ya pili ikapita kikao cha dakika ishirini hivi. Mtu ni yuleyule, ugonjwa ni uleule, kwa hiyo inafaa kuangalia ni nini hasa kilibadilika katikati.

Barua ya kwanza aliileta mwezi wa tatu, baada ya matokeo ya semista ya kwanza kutoka. Kurasa mbili na nusu, imepita kwa Mkuu wa Idara kama inavyotakiwa, ina mihuri. Imeanza vile tulivyofundishwa wote, "Husika na kichwa cha habari hapo juu", halafu ikaingia kwenye maisha: amelelewa na bibi, ada anahangaika, usiku halali, moyo unaenda mbio, anamwomba Mungu, anaogopa kudisko yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, wadogo zake wanamtegemea. Mwisho ndo maombi yenyewe, na ile sapu anayoitaja ni mtihani wa marudio kwa aliyefeli, nayanukuu: "Hivyo naomba ofisi yako inifikirie kwa kufutiwa sapu ya Uhasibu wa Gharama, na UE zijazo niahirishiwe hadi mwezi wa tisa, au niongezewe saa moja, au nifanye kwa njia ya asainimenti." Ameambatanisha na ED, ile karatasi ya kupumzishwa, ya zahanati ya chuo, siku tatu, sababu imeandikwa "malaise".

Sasa kabla hujasema ofisi ina roho mbaya, jiweke kwenye kiti cha yule anayetakiwa kuamua. Ndani ya ombi moja kuna mambo mawili yasiyokaa pamoja. Kuna pepa ya mwezi wa pili ambayo alishaifanya, akasaini mahudhurio, bukleti ikasahihishwa, na kanuni za vyuo vyetu karibu vyote zinataka mtu anayeumwa aseme kabla hajaingia chumba cha mtihani au akiwa humohumo, akishafanya na matokeo yakatoka hiyo inakuwa rufaa, ina fomu yake na siku zake na ada yake. Halafu kuna pepa za mwezi wa saba ambazo bado, na hizo ndo unaweza kuzipangia utaratibu. Alivyoyaweka pamoja, kamati ikasoma lile la kwanza, ikaona ni mtu amefeli anatafuta pa kutokea, likazama na la pili. Mjumbe mmoja akasema waziwazi "kila mtu anakuwaga na wasiwasi kwenye UE, hata mimi nilikuwa nao", na kusema kweli kwa jinsi barua ilivyoandikwa hakukuwa na cha kumjibu. Mtu ukisoma kurasa zote zile unajua binti ana shida, ila hujui kabisa ni kitu gani kinamtokea akiwa amekaa kwenye kiti cha mtihani, na kamati ya mitihani hicho tu ndo ina uwezo nacho. Haiwezi kumtibu usingizi wala kumlipia ada.

Nikamwita ofisini. "Shikamoo madamu." Marahaba, kaa. Nikamwambia barua yako nimeisoma yote, nataka uniambie kitu kimoja tu, siku ile ya Gharama uliingia saa ngapi na nini kilitokea, dakika kwa dakika, mambo ya bibi tuyaache kwanza.

Akaanza kusimulia na hapo ndo kisa kikafunguka. Pepa ilikuwa saa tatu asubuhi, kwenye ule ukumbi mkubwa wanapochanganywa kozi tatu, watu mia nne na kitu. Yeye kiti chake kiliangukia katikati. Swali la kwanza akalianza vizuri tu. Kama dakika ya arobaini hivi moyo ukaanza kupiga kwa nguvu bila sababu, pumzi fupifupi, vidole vikafa ganzi, kalamu hashikiki vizuri, akawa na uhakika kabisa kwamba anakufa au ataanguka mbele za watu. Akaomba kwenda chooni, akasindikizwa na msimamizi wa kike, akakaa huko karibu dakika ishirini, ikapungua. Akarudi. Muda uliopotea haukurudishwa, kwa sababu hakuna aliyejua urudishwe kwa jina gani. Ikaja tena saa ya pili, akaomba kutoka, akaambiwa umeshatoka mara moja inatosha. Akakaa kidogo, akakusanya bukleti, akaondoka zaidi ya nusu saa kabla ya muda.

Nikatafuta ripoti ya msimamizi ya siku ile. Sehemu ya matukio imeandikwa "Hakuna". Kwenye nyingi inakuwaga hivyohivyo, msimamizi anaandika tukio akikamata kibomu, yaani karatasi ya kuibia mtihani, mtu akitoka analia yeye haoni kama ni tukio. Kwa hiyo ushahidi uliokuwa rahisi kuliko wote haukuwepo, na hata angekata rufaa angeenda mikono mitupu.

Nikashuka stoo nikatoa bukleti yenyewe. Hii wanafunzi wengi hawajui kwamba ipo na inasema mengi. Kurasa mbili za mwanzo mwandiko mdogo, umenyooka, mistari ya hesabu imepigwa kwa rula, jedwali la gharama limejumlishwa sawasawa. Ukurasa wa tatu mwandiko unaanza kukua na kulala, tarakimu moja imerudiwa mara nne juu kwa juu. Ukurasa wa nne kuna kichwa cha swali na mstari mmoja. Tano na sita tupu. Saba kuna swali jingine limeanzwa, formula iko sahihi, namba zilizowekwa siyo za swali lile. Mtu asiyejua kitu hafanyi hivi. Asiyejua anaandika hovyo toka mwanzo, au anajaza maneno apate hata mbili. Huyu alikuwa anajua, halafu mkono na kichwa vikamkimbia.

Ganzi ya vidole ina maelezo yake, siyo maigizo. Mtu akipumua harakaharaka kwa hofu anatoa hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, kiwango chake kwenye damu kinashuka, ndo unapata kizunguzungu, ganzi midomoni na vidoleni, wengine mpaka vidole vinakakamaa. Shambulio la namna hii huwa linapanda hadi kileleni ndani ya kama dakika kumi, halafu linashuka lenyewe, mara nyingi nusu saa haipiti. Shika hiyo nusu saa, nitairudia.

Tukachukua na matokeo yake ya semista tukayaweka mezani. Uhasibu wa Fedha koziweki, yaani alama za testi na kazi za darasani, 32 kwa 40, UE 13 kwa 60, jumla 45, amepita na C. Uhasibu wa Gharama koziweki 29, UE 8, jumla 37, sapu. Zote mbili zilifanyikia ukumbi mkubwa. Halafu Takwimu, koziweki 28, UE 41, jumla 69, B ya juu kabisa. Nikamuuliza hii Takwimu vipi? Akasema siku ile ukumbi ulikuwa na shughuli nyingine, wakagawanywa kwenye vyumba vya semina, kwao walikuwa kama ishirini na tano, na yeye alikaa jirani na mlango. Hakuwa amewahi kuliona hilo kama jambo, alidhani Takwimu tu ni rahisi kwake. Testi zote pia alizofanyia darasani kwao hali hiyo haikumjia.

Hapo ndo jibu la yule mjumbe wa "kila mtu ana wasiwasi" lilipo. Wasiwasi wa kawaida unakuwa mkali pale mlangoni na unaposubiri karatasi, ukishasoma maswali na kuanza kuandika unashuka, tena kidogo chake unasaidia. Huu wa kwake unafanya kinyume, anaanza vizuri, unakuja katikati, na haujali kama amepiga msuli au hakupiga. Halafu unafuata mazingira, watu wengi na kukaa mahali ambapo huwezi kutoka bila kupita mbele za wenzio. Ukiwa na kozi tatu, mazingira mawili na matokeo mawili tofauti hivyo, unakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu asiyeamini.

Kilichobaki ni karatasi ya daktari. ED haitoshi na siyo kosa la zahanati, ED kazi yake ni kusema huyu asiende darasani siku tatu, basi. Nikamwelekeza aende kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya mkoa. Aligoma wiki nzima. Sababu unazijua, ukitaja tu neno akili mtu anakuuliza "kwa hiyo unanipeleka Mirembe?", na kwao wakisikia ameandikishwa huko itakuwa mada ya msiba na harusi. Mpaka rafiki yake aliyekuwa anajua ndo akamshawishi, huyohuyo rafiki ambaye kabla ya hapo alimpa kidonge cha diazepamu ameze kabla ya testi. Kuhusu hilo niseme kidogo maana mabwenini limeenea: kweli alitulia, akaandika bila presha yoyote, na akakosa, kwa sababu dawa zile zinalegeza na kumbukumbu pia, unakaa umetulia unaangalia swali ulilolisoma jana kama hujawahi kuliona. Halafu ni dawa zinazozoesha mwili, siyo za kupeana chumbani.

Kliniki walimwona mara mbili kabla ya kuandika chochote, na hiyo ni dalili nzuri, ripoti ya kukutana mara moja kamati huwa inaidharau. Walimjazisha lile dodoso la maswali 7 la wasiwasi, GAD-7, alama zake zinaanzia 0 hadi 21, kuanzia 15 linahesabiwa kali, yeye akapata 17. Dodoso peke yake halitoi ugonjwa, ni kipimo cha kuchuja tu, daktari ndo anakaa na mtu anauliza limeanza lini, linazuia nini. Wakamwanzishia matibabu na vikao vya mazungumzo, na wakamwambia mapema kwamba dawa aliyopewa inachukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo asitegemee atakuwa mtu mpya ifikapo mwezi wa saba.

Mimi nilimpa ujumbe mmoja wa kumpelekea daktari: asituandikie tu jina la ugonjwa, atuandikie mtihani unaathirika vipi na nini kitasaidia. Madaktari wengi wakiachwa wenyewe wanaandika mstari mmoja, "anaugua hiki, tafadhali msaidieni", na chuo kinabaki kinatazamana. Huyu aliandika aya mbili, kwamba anapata mashambulizi ya hofu akiwa kwenye umati anapoona hana pa kutokea, kwamba kila moja linachukua dakika kumi hadi thelathini na wakati huo hawezi kuandika wala kushika hesabu kichwani, kwamba likiisha anaweza kuendelea, na kwamba anapendekeza chumba chenye watu wachache na ruhusa ya kusimama. Aya hizo mbili zilikuwa na uzito kuliko kurasa mbili na nusu za mwanzo.

Sasa nini cha kuomba. Hapa tulibishana kidogo mimi na yeye maana alikuwa bado anataka kuahirisha. Nilimwambia ukiahirisha hadi mwezi wa tisa utashusha pumzi leo, ila mwezi wa tisa ukumbi utakuwa uleule, na mwili wako utakuwa umejifunza kwamba dawa ya ukumbi ni kuukimbia, safari inayofuata utakuwa mgumu zaidi kuuingia. Kliniki nao wakamwambia hivyohivyo. Kuahirisha kunafaa kwa mtu ambaye kwa wakati ule haiwezekani kabisa, kalazwa, au kaanza dawa jana inamlaza mchana kutwa, na akifanya mapema kabla ya pepa inakuwa spesho, mtihani uleule wa kwanza uliosogezwa mbele, alama yake haikatwi kama sapu. Yeye hakuwa huko.

Saa moja ya nyongeza nayo nilimkatalia. Watu wengi wanaomba muda wa ziada kwa sababu ndo kitu wamesikia kinatolewa, na kwa mwenzetu asiyeona vizuri au anayeandika taratibu kinafaa kabisa, kwa sababu yeye anapoteza muda kila dakika ya mtihani. Binti huyu hapotezi kila dakika. Anapoteza dakika ishirini kwa mkupuo, siku nyingine hapotezi hata moja. Ukimpa saa nzima juu, siku mbaya unakuwa umempa saa nyingine ya kuteseka kwenye ukumbi uleule, na siku nzuri umempa faida ambayo wenzake hawana, na hapo yule mjumbe atakuwa na haki ya kupiga kelele. Kinachoendana na shida yake ni kusimamisha saa: likija, bukleti inafungwa, anatoka, dakika zinaandikwa, akirudi zinaanza pale zilipoishia. Anarudishiwa alichopoteza na hakuna cha juu. Na kikomo tukakitoa kwenye karatasi ya daktari, ile nusu saa, dakika 30 kwa pepa ya urefu wa saa tatu. Likizidi hapo basi siku hiyo ni mgonjwa, msimamizi anaandika ripoti, na suala linakwenda kwenye taratibu za ugonjwa.

Asainimenti tuliifuta tu. Pepa ya uhasibu inapima kama unaweza kukaa na hesabu mwenyewe bila desa, ukiigeuza asainimenti umebadilisha kinachopimwa, na hakuna mkuu wa idara atakayesaini.

Kuna kitu kingine kilichomuumiza kwenye barua ya kwanza ambacho hakukitegemea. Barua rasmi inapita kwa Mkuu wa Idara, maana yake inapita kwa sekretari wake, masjala, sekretari wa Mkuu wa Kitivo, na mimi, na kila mmoja anaifungua. Ndani ya wiki mbili kuna mtu darasani kwao alishajua kwamba "yule anachanganyikiwaga". Kwa hiyo barua ya pili tukaigawa. Barua yenyewe iliyopita mezani kwa watu haikutaja ugonjwa wowote, ilitaja tu kwamba ni hali ya kiafya iliyothibitishwa. Ripoti ya kliniki ikaenda kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa SIRI, moja kwa moja kwa Mshauri wa Wanafunzi na daktari wa chuo, na daktari wa chuo akaandika mstari kwa kamati kwamba ameiona na anaunga mkono. Wajumbe hawakuhitaji kujua zaidi ya hapo. Mmoja alidai aione, mwenyekiti akamwambia si ya kwako.

Barua yenyewe hii hapa, nimetoa majina tu:

"YAH: OMBI LA UTARATIBU MAALUM WA KUFANYIA MITIHANI YA SEMISTA YA PILI

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Shahada ya Uhasibu. Nina hali ya kiafya iliyothibitishwa na hospitali ya mkoa, ambayo hunitokea nikiwa kwenye chumba chenye watu wengi na kunifanya nishindwe kuandika kwa dakika 10 hadi 30. Ikipita naweza kuendelea na mtihani. Ripoti ya daktari nimeiwasilisha kwa siri kwa Mshauri wa Wanafunzi.

Katika semista ya kwanza mitihani miwili niliyofanyia ukumbi mkubwa niliathirika, na mmoja niliofanyia chumba cha semina sikuathirika. Naambatanisha matokeo ya kozi hizo.

Naomba, kwa mitihani yote ya semista ya pili, nipangiwe chumba chenye watu wachache na kiti cha karibu na mlango, na niruhusiwe kusimamishiwa muda wa mtihani hali hiyo ikitokea, usiozidi dakika 30 kwa kila mtihani. Siombi muda wa ziada wala mtihani tofauti.

Ombi hili haligusi matokeo ya semista ya kwanza."

Sentensi yake ya mwisho hakuipenda, alitaka ile sapu ifutwe. Lakini ndo iliyowalegeza wajumbe kuliko zote. Na ile "siombi muda wa ziada" ilifanya yule mzee wa kila mtu ana wasiwasi asiwe na pa kushika. Akajaribu kusema hii itafungua mlango, kesho watakuja hamsini. Mwenyekiti akamjibu waje na karatasi kama hizi. Kisheria pia hatukuwa tunatoa fadhila, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inahesabu na ulemavu wa akili pale unapokutana na vikwazo vya mazingira au vya taasisi, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unataka marekebisho yanayofaa kwenye elimu. Ila ukweli ni kwamba sheria haikutajwa na mtu mpaka mwisho. Bukleti na yale matokeo matatu ndo yalifanya kazi.

Barua iliingia mwanzoni mwa mwezi wa tano, wiki nane hivi kabla ya UE, na huo muda wote ulihitajika. Baada ya kupita ndo kuna kazi ya mikono ambayo kwenye barua haionekani. Karatasi za maswali zinafungwa kwenye bahasha kwa idadi ya kila chumba, kwa hiyo lazima chumba chake kiwe na bahasha yake mapema, ukichelewa unafungua ya ukumbini na kuhesabu mbele ya mashahidi wakati watu wameshakaa. Bukleti yake lazima ichanganywe na za wenzake kabla haijaenda kwa msahihishaji, ikienda peke yake namba ya usajili haifichi kitu. Na ratiba, akisimamishiwa saa anamaliza hadi nusu saa baada ya wengine, sasa kama ana pepa nyingine mchana ale saa ngapi, ilibidi siku moja isogezwe.

Pepa ya kwanza, Kodi, ikaanza na vurugu. Msimamizi aliyepangwa na aliyepewa memo akaugua, akaja mwingine ambaye hajui lolote, akamwambia nenda ukumbini jina lako liko kule. Binti alikuwa na nakala ya memo mfukoni (hii nilimsisitiza, usitegemee ofisi itakumbuka), ila alivyoniambia baadaye mikono ilikuwa inatetemeka hata kuitoa. Walinipigia simu, tukamrudisha, akaanza dakika sita baada ya wengine, tukaziandika. Saa 3 na dakika 47 ikamjia. Msimamizi akageuza bukleti kifudifudi na karatasi ya maswali juu yake, akaandika muda, wakatoka wote wawili hadi kwenye korido, yule wa pili akabaki na wenzake kumi na wawili. Saa 3 na dakika 58 wakarudi, muda ukaandikwa, wote wakasaini. Dakika 11. Ukizijumlisha na zile sita alimaliza saa 6 na dakika 17.

Pepa ya pili dakika 8. Ya tatu hakutoka kabisa. Ya nne hakutoka pia. Nilimuuliza kama ni dawa zimeanza kufanya kazi akasema labda, ila kujua tu kwamba akitaka kutoka anatoka na hapotezi kitu kulimfanya asihitaji kutoka. Kliniki hawakushangaa.

Matokeo: Kodi 69, Fedha za Kampuni 62, Sheria ya Biashara 59. Ukaguzi wa Hesabu 37, koziweki 17 na UE 20. Hiyo ya Ukaguzi alikuja nayo ofisini anataka tuandike tena barua, nikafungua bukleti, nzima imeandikwa kwa mwandiko ule mdogo ulionyooka toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, imejaa, na majibu siyo. Nikamuuliza lekcha za Ukaguzi ulikuwa unaingia? Akacheka. Ijumaa saa kumi na moja jioni madamu, nani anaingia.

Kwa hiyo mwezi wa tisa akawa na sapu mbili, Gharama ya zamani na Ukaguzi mpya. Kibali kilikuwa cha semista ya pili tu, sapu haikuwemo, na kama asingekumbuka angejikuta ukumbini. Akaandika barua ya mistari minne kuomba utaratibu uleule uendelee, ikajibiwa kesho yake kwa sababu faili lilikuwepo. Zote mbili kapita, na C kama sapu zinavyotoa. Mwaka wa tatu amebadilisha ombi mwenyewe, kafuta chumba kidogo, anakaa ukumbini kiti cha nyuma karibu na mlango, kabakiza ile ya kusimamisha saa. Anataka kuzoea mapema, anasema mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, siyo ya chuo, huko barua ya kwetu haimsaidii na maombi itabidi ayaanze upya.